Siku Kumi na Nne Nilizozigawa Mara Tatu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema hivyo mapema ili msomaji asitegemee kwangu safari wala ushujaa. Kuna watu wakikaa wiki moja mahali pamoja miguu inawawasha. Mimi nikitoka nje ya Mbeya siku mbili naanza kuota mkungu wa ndizi wa mama yangu na ule mkeka wa barazani ambao umeshachukua umbo la mgongo wangu. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimesoma hadi darasa la kumi, na miaka ile ya hamsini ikielekea mwisho, mtu wa darasa la kumi hakuachiwa kulala barazani kwa amani. Nikapewa ukarani kwa mkandarasi mmoja wa Iringa, na mkandarasi akanipeleka Kilolo, kwenye baridi na matope mekundu, tulikokuwa tunajenga wodi ya wazazi.

Tulikuwa na injinia, Mzungu kijana, aliyekuwa ametoka likizo kwao na karatasi zilizopigwa chapa za namna mpya ya kupanga kazi. Alikuwa anazipenda karatasi zile kama mtu anavyompenda mchumba wa kwanza. Akabandika karatasi kubwa ukutani mwa kibanda changu cha bati, akachora vishale na viduara, na kwa kuwa mimi ndiye niliyejua hesabu, akanifundisha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Unaandika kila kazi na siku zake, halafu unaiuliza kila moja: wewe huwezi kuanza mpaka nani amalize? Kufyatua matofali, kuyakausha na kuyachoma tanurini kulihitaji siku thelathini. Kuchimba na kujenga msingi, siku kumi na mbili. Kuta haziwezi kuanza mpaka msingi na matofali vyote viwe tayari, kwa hiyo zinaanza siku ya thelathini. Msingi ukiwahi, utakaa unasubiri. Kuta ni siku ishirini na nne: zinakwisha siku ya hamsini na nne. Hapo ndipo paa linaanza, siku nane, na kazi inakwisha siku ya sitini na mbili.

Lakini paa linataka na kenchi, ile miti ya pembetatu inayobeba bati. Kenchi zilikuwa na mstari wao wa pembeni: mimi kuandika agizo la mbao na kupata kibali cha msitu, siku tano, wapasuaji kupasua mbao, siku ishirini, seremala kuunga kenchi, siku kumi na tano. Jumla arobaini. Paa linazihitaji siku ya hamsini na nne. Hamsini na nne ukitoa arobaini, zinabaki kumi na nne. Mabati yenyewe yalitaka siku ishirini tu, hayakumsumbua mtu.

Injinia alichukua penseli nyekundu akapitisha juu ya matofali, kuta na paa. "Hii njia nyekundu," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Hii ikichelewa siku moja, nyumba inachelewa siku moja. Hii haina nafasi. Ile ya mbao ina nafasi, siku kumi na nne."

Nikaelewa. Yaani nilielewa kama mtu anavyoelewa mahubiri: nikatikisa kichwa.

Kosa langu lilianza kwa adabu. Kwetu huendi kwa mtu kumpa kazi mikono mitupu. Unamtangulizia neno jema. Mimi sikuwa na sukari wala kitambaa cha kupeleka, lakini nilikuwa na siku kumi na nne. Nikaenda msituni kwa mkubwa wa wapasuaji, Mhehe mmoja mrefu aliyenyooka kama gogo analolipasua.

"Kamwene," nikamwamkia.

"Kamwene, karani. Umekuja kutuhimiza?"

"Nimekuja kuwapumzisha. Mna siku kumi na nne za ziada. Mkichelewa kidogo, hakuna kesi."

Akanitazama kama aliyeona kuku anaongea. "Kampuni imepata dini?"

Iringa mjini nikamwambia seremala maneno yaleyale. Alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Bwana asifiwe," akasema, "basi nitapata kumaliza mabenchi ya kanisa kwanza." Nikamwambia maliza tu, mzee wangu.

Na mtu wa tatu niliyempa siku kumi na nne alikuwa mimi. Agizo la mbao lilikuwa mezani kwangu. Nikasema jino linanivimba, nikadandia lori la mahindi nikaenda Mbeya. Jino lilipona nilipoona moshi wa jiko la mama. Nilikaa, nikala, nikalala. Nikarudi, nikaandika agizo nikiwa nimechelewa siku sita. Nilitazama karatasi ukutani: nafasi kumi na nne. Sita si kitu. Na kweli, sita peke yake haikuwa kitu. Jambo lililonipita ni kwamba zile siku zilikuwa kama maji ya mtungi mmoja uliowekwa njiani kwa watu watatu. Nikichota sita mimi, wa mbele wamebakiwa na nane kwa pamoja. Mimi nilimwonyesha kila mmoja mtungi mzima, na nilipokunywa sikurudi kumwambia mtu kwamba umepungua.

Sasa nimlete fundi mkuu, maana mambo yote haya ni ya kwake.

Alikuwa Mwislamu, baba yake alitoka Kilwa na misafara ya zamani akazaa watoto Mbeya. Mtu mfupi, kofia safi hata kwenye vumbi la tofali, na timazi yake, ule uzi wenye risasi ya kupimia kuta, hakumpa mtu mwingine aishike. Ndiyo maana asipokuwapo kazi ya kuta ilisimama. Vijana wake walikuwa hodari, lakini pembe za nyumba alizipandisha mwenyewe. Mkewe alikuwa amefariki. Alikuwa na mtoto mmoja, binti, aliyelelewa na baba yake mdogo kule Mwanjelwa, Mbeya.

Alinitania tangu siku ya kwanza. "Mwanangu, umeoga leo au unamngoja mama aje akuogeshe?" Nikichelewa kutoka kibandani asubuhi: "Jamani msimwamshe bibi arusi!" Nilimpenda. Mtu asiye na nyumba karibu humpenda anayemtania, kwa sababu ndiye anayemkumbusha nyumbani.

Njia nyekundu ilipita mgongoni mwake. Tanuri lilipokuwa linawaka, alilala kando yake. Mvua ya ghafla ilipotishia tofali mbichi, alivua koti lake akafunika. Siku ya thelathini kamili tofali la kwanza la ukuta liliwekwa. Injinia alipokuja Jumamosi alimpa mkono mbele ya watu wote.

Siku ya thelathini na nane barua ikaja kutoka Mwanjelwa. Binti ameposwa na kijana anayefanya kazi reli, Tabora. Kijana amepata likizo fupi, ndoa itafungwa siku ambayo kwenye karatasi yetu ilikuwa ya hamsini, na kesho yake bwana na bibi arusi wataondoka kupitia Chunya hadi Itigi kupanda treni. Haiwezi kusogezwa.

Fundi mkuu aliisoma mara tatu akiwa amekaa juu ya rundo la matofali. Halafu akanieleza kama vile mimi si mtoto wa Kiswahili: baba ndiye anayemshika bwana arusi mkono na kusema nimekuoza binti yangu. Anaweza kumwachia ndugu yake kazi hiyo, dini inaruhusu. "Lakini mama yake aliniambia maneno mawili tu kabla hajaondoka," akasema. "Moja lilikuwa hilo. Mkono uwe wangu."

Alihitaji siku tano. Aondoke siku ya arobaini na nane asubuhi, siku mbili za kudandia malori kwenda, siku ya ndoa, siku mbili kurudi.

Jumamosi alimwomba injinia. Injinia hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu mtu mbaya ungemlaumu ukamaliza. Alisimama mbele ya karatasi, akaweka kidole kwenye mstari mwekundu.

"Fundi, siku tano hapa ni siku tano kwenye nyumba. Mvua inakuja. Kuta zako ni za udongo katikati ya tofali. Mimi sina nafasi ya kukupa."

"Bwana, ni binti yangu."

"Naona. Kama karatasi ingekuwa na siku tano, ningekupa sasa hivi."

Alimaanisha. Fundi mkuu akanigeukia. "Mwanangu, wewe umesoma. Tazama vizuri. Labda kuna siku mmezisahau mahali."

Nikatazama. Nikasema, "Hakuna, Mzee. Ni sifuri."

Siku ile nilidhani nasema kweli. Karatasi ilikuwa ileile ya siku ya kwanza. Hakuna aliyeigusa tangu ibandikwe. Ilijua yaliyopangwa, haikujua yaliyotokea. Na mtu aliyepaswa kuiambia yaliyotokea, kila wiki, kwa penseli, alikuwa karani.

Siku ya arobaini na mbili wapasuaji walimaliza mbao. Mkubwa wao alikuja mwenyewe, amefurahi. "Karani, ulitupa siku kumi na nne. Tulikuwa na msiba, na tukalima kidogo. Tumetumia kumi na moja. Tatu tumekurudishia." Akanipa mkono kama anarudisha jembe la jirani.

Nikamshukuru. Kesho yake nikasindikiza lori la mbao hadi Iringa kwa seremala. Alikuwa katikati ya mabenchi, maranda yamemfika magotini.

"Weka pale," akasema. "Nina siku tisa za mabenchi, nimeshawaahidi, ibada ya kipaimara inakuja. Halafu naanza zako. Si ulisema nina kumi na nne?"

"Nilisema."

"Basi tisa tu. Sitaki kuwa mlafi."

Nikatoka nje, nikakaa juu ya ngazi za duka lake, nikageuza pakiti ya sigara nikaandika. Agizo lilipaswa kwisha siku ya tano. Kwa ajili ya jino langu liliisha ya kumi na moja. Kupasua ishirini, na kumi na moja za msiba na shamba: arobaini na mbili. Seremala atasubiri tisa: hamsini na moja. Kazi yake kumi na tano: sitini na sita.

Sitini na sita. Paa haliwezi kuanza kabla ya siku ya sitini na sita, hata kuta zishuke kutoka mbinguni. Na kuta zinakwisha hamsini na nne.

Njia nyekundu ilikuwa imehama. Hakuna aliyeihamisha kwa penseli, lakini ilikuwa imehama, ilikuwa inapita kwenye mbao, msituni, kwenye mabenchi ya kanisa, na ukiifuata nyuma kabisa ilianzia kwenye mkeka wa barazani kwa mama yangu. Na kuta, zile kuta ambazo hazikuwa na siku hata moja, sasa zilikuwa na siku kumi na mbili zinazokaa bure. Fundi mkuu angekwenda Mwanjelwa tano, akarudi, akamaliza kuta siku ya hamsini na tisa, na bado angesubiri kenchi wiki nzima akipiga soga.

Nilirudi Kilolo na pakiti ile mfukoni. Nilikuwa na siku nne za kusema. Ilitosha kumwambia injinia sentensi moja: bwana, mpe ruhusa, mbao zimechelewa. Lakini injinia angeuliza zimechelewaje, na hesabu ile ilianza na sita za kwangu. Kuna watu wanaogopa simba. Mimi niliogopa kuulizwa jino gani.

Nikajiambia kesho. Nikajiambia labda seremala ataacha mabenchi. Nikajiambia injinia mwenyewe ataona, yeye ndiye injinia. Siku ya arobaini na saba, saa sita mchana, fundi mkuu akaja kibandani. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa tambara. Tofali lilikuwa limekiponda wiki ile.

"Mwanangu, niandikie barua. Kidole hakishiki kalamu."

Akaketi juu ya mfuko wa chokaa. Yeye alizoea kuandika kwa herufi za Kiarabu, mimi nikaandika kwa zangu. Akanitamkia taratibu: mimi fulani, baba wa fulani, namweka mdogo wangu kuwa wakili wangu, amwoze binti yangu kwa niaba yangu, kwa kuwa kazi imenizuia.

"Kazi imenizuia," nikarudia nikiandika.

"Ndiyo. Au kuna neno zuri zaidi? Ninyi wa darasa la kumi mna maneno."

"Hilo linatosha, Mzee."

Alitia dole gumba. Akaitazama barua mbali na macho, kama wanavyofanya watu wa umri wake. "Una mwandiko mzuri. Ukioa, mkeo atakuwa anaandikiwa barua kutoka chumba cha pili, maana wewe hutoki nyumbani." Akacheka. Mimi pia nikacheka. Pakiti ya sigara ilikuwa kwenye mfuko wa shati, upande uleule wa kalamu.

Ndoa ikafungwa. Siku ya hamsini na nne, kama ilivyoandikwa, tofali la mwisho likawekwa. Ukuta ulinyooka hata jicho linateleza juu yake. Fundi mkuu alisimama chini, mikono kiunoni, akasubiri kenchi. Akasubiri kesho yake. Vijana wakaanza kucheza bao la mashimo ardhini.

Siku ya pili ya kusubiri akaja mbele ya karatasi. Hakuwa amefundishwa, lakini alikuwa ameishi na karatasi ile miezi miwili, na mtu anayepima kuta kwa uzi hahitaji kufundishwa mara mbili kilichopinda. Akaokota vipande vya tofali, akavipanga sakafuni.

"Kenchi lini?"

"Siku ya sitini na sita."

Akahesabu vipande kwa kidole kile chenye tambara, kuanzia hamsini na nne. Alipofika mwisho akarudia tena kutoka mwanzo, polepole.

"Kumi na mbili," akasema. "Bwana karani, hizi kumi na mbili zilikuwa za nani?"

Ningeweza kusema hazikujulikana. Sijui kwa nini sikusema. Labda uoga nao huchoka. "Zilikuwa zako, Mzee."

"Tangu lini?"

"Nilizijua siku ya arobaini na tatu."

Nje vijana walikuwa wanabishana kuhusu kete. Fundi mkuu alikuwa amechuchumaa, hakunyanyua uso. Nikaeleza yote: mkeka, jino, mtungi mmoja na watu watatu. Nilieleza vizuri sana. Sijawahi kueleza hesabu ile vizuri kama siku ile, na tangu hapo nimewafundisha makarani wengi.

"Nitamwambia injinia," nikasema. "Leo hii. Aniachishe kazi."

"Ukamwambie nini?" Akasimama, magoti yakalia. "Waite watu Mwanjelwa warudie? Wapike pilau tena? Mtoto yuko Tabora."

Akavirusha vipande vya tofali nje ya mlango, kimoja kimoja, mpaka sakafu ikawa tupu.

Nilimwambia injinia Jumamosi hata hivyo. Akatazama kupitia dirishani, kule fundi mkuu alikokuwa. Halafu akaniambia niandike kwenye taarifa ya kazi kwamba seremala amechelewesha kenchi siku tisa, kwa kuwa taarifa ingesomwa na wakubwa na yeye ndiye aliyeileta ile namna mpya. Nikaandika, kwa ule mwandiko mzuri. Siku tisa za seremala zilikuwa kweli; na kweli ile ilitutosha mimi na injinia kujifichia. Seremala hakupewa kazi nyingine na kampuni. Mimi nilipandishwa cheo mwaka uliofuata.

Mawingu yalianza kushuka kutoka milimani siku ya sitini. Fundi mkuu akaamuru vijana wakate nyasi ndefu na kufunika vichwa vya kuta, udongo usiyeyuke kabla ya bati. Sikuagizwa, lakini nikatoka kibandani, nikachukua fungu la nyasi, nikapanda jukwaa la miti nililokuwa sijawahi kulipanda. Alikuwa juu kule, anazilaza nyasi na kuzikandamiza kwa mawe.

Nikamnyooshea fungu. Akalipokea bila kunitazama, akanyoosha mkono tena kungoja la pili.